Baba Léonard Kalaba na Meko Matano ya Kyolo

Ndugu waombolezaji, baba na mama wa parokia, majirani wa Ruashi na nyinyi mliotoka mbali kwa treni na kwa miguu, kabla hatujamsindikiza Baba Léonard Kalaba mpaka makaburini, familia inaomba mkae vizuri, wenye watoto muwapakate, tuwasomee maisha yake tangu mwanzo na bila haraka, kwa sababu mzee huyu hakupenda jambo lolote lisimuliwe kuanzia katikati.

Baba Léonard alizaliwa Kyolo, kijiji cha watu wapika munyu, yaani chumvi, upande wa kaskazini wa Mitwaba, katika mwaka tunaoukadiria kuwa 1885, baba yake akiwa Banza na mama yake akiwa Mande. Mstari huo ni mfupi, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna mtu aliyeweza kuusema, wala yeye mwenyewe, na namna ulivyopatikana ndiyo sehemu kubwa ya historia hii.

Alipokuwa mtoto wa karibu miaka saba, katika vita vilivyowatangulia Wazungu, watu wenye bunduki waliingia Kyolo, wakachukua waliowaweza, na mtoto huyo akafungwa pamoja na watu wazima asiowajua, akatembezwa kuelekea kusini mpaka nyayo zake zikaoza, ndipo wakamwacha kando ya njia karibu na mto Kafubu kama mtu anavyoacha chungu kilichopasuka. Mama mmoja wa kabila la Walamba, jina lake Chola, ambaye hakuwa na mtoto, alimwokota, akamtia dawa miguuni, akamuuliza jina lake, jina la mama yake, jina la kijiji chake, na kila swali mtoto alijibu kwa kumkazia macho tu, kwa kuwa homa na woga vilikuwa vimemfunga kinywa, na kinywa kilipofunguka majina yalikuwa yamekwisha kwenda. Kwa lugha ya Mama Chola, kulaba ni kusahau, basi akamwita Kalaba, si kwa kumcheka, bali ili atakayemuuliza tena aelewe mara moja na amwache mtoto apumzike.

Hakupata shule ya utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, hapa Élisabethville, katika mafundisho ya jioni ya katekisimu, akabatizwa kwa jina la Léonard tarehe 8 Aprili 1917, siku ya Pasaka, na waliokuwa pamoja naye kwenye benchi wanakumbuka kwamba alisoma polepole, kidole chini ya neno, na kwamba aliporudi nyumbani alimsomea Mama Chola, aliyekuwa amezeeka, kila kitu alichofundishwa siku hiyo, mpaka mama huyo alipofariki mwaka uliofuata mikononi mwake.

Kazi aliianza mwaka 1912 kwenye tanuru za kuyeyushia shaba kando ya mto Lubumbashi, kwanza akibeba makaa, kisha akawekwa kwenye kikosi cha kulisha tanuru, na huko alikaa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1945. Wenzake wa kikosi, ambao baadhi yao tunawaona hapa, walimpenda kwa upole wake na kwa nyimbo alizoimba bila maneno, kwa maana aliimba sauti tu, juu na chini, na akiulizwa ni wimbo wa kwao wapi alisema kwamba maneno yalianguka njiani.

Alifunga ndoa takatifu na Mama Albertine, binti wa mfanyakazi wa reli, tarehe 2 Februari 1918, wakakaa mtaa wa Cité Albert, na Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza wao akiwa Delphine, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1919.

Mama Albertine amesimulia mara nyingi kwamba, katika wiki ya kwanza ya ndoa, alinunua munyu wa mawe sokoni, ule wa gunia, wenye unyevu, akarudi na kumkuta mume wake anausukia kikapu chembamba kama pembe, mume akautia munyu humo, akakitundika kwenye dari la jikoni na kuweka bakuli chini yake. Alipomuuliza ni dawa gani hiyo, mume alisema munyu lazima ulie kwanza ndipo uliwe, na alipomuuliza nani alimfundisha, alitafuta jibu, akakosa. Kweli maji machache yalidondoka katika bakuli siku zile za mvua, na yalikuwa machungu mno, na munyu uliobaki ukawa mtamu kuliko ule wa majirani, lakini majirani hawakuacha kucheka, na mtaani ikawa kawaida kusema kwamba nyumba ya Kalaba ina matanga kila mvua inaponyesha, maana hata munyu wao unalia.

Sasa tunafika mwaka 1938. Delphine alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mshonaji, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi, na alikuwa amependana na Faustin, kijana fundi wa karakana ya reli, yatima wa baba aliyelelewa mjini na jamaa za mama yake, ambaye wazee wa upande wa baba walikuwa kaskazini. Nyumba mbili za mjini zilikwisha kukubaliana, gauni lilikwisha kukatwa, na kilichobaki ni wazee wa Faustin kuja kujitambulisha. Faustin, kwa kutaka kuwafurahisha, aliwapelekea habari za mkwe wake kwa mdomo wa msafiri, akawaeleza juu ya mzee mpole asiyejua alikozaliwa, ambaye anatundika munyu ili ulie. Habari hiyo ilipofika Kyolo, kwa kuwa wazee wa Faustin walikuwa watu wa Kyolo, hakuna aliyecheka. Huko kila nyumba inatundika munyu namna hiyo, na walijua nyumba gani zilipoteza watoto katika vita.

Basi, Jumapili tarehe 21 Agosti 1938, baada ya misa, wasafiri watatu waliingia katika uwanja wa nyumba ya Cité Albert. Wa kwanza alikuwa Mzee Rigobert, baba mkubwa wa Faustin, mtu mrefu wa maneno machache, wa pili mdogo wake Clément, mpenda utani, na wa tatu shangazi yao Mama Kaimba, bibi kizee aliyekuwa bado anapika munyu kila kiangazi, mwenye vidole vilivyokauka na kupasuka kwa maji ya chumvi. Walipewa viti, wakanawa, wakala, na Clément, alipoona kikapu kinaning’inia jikoni, alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba amesafiri njia ndefu kuja kwenye harusi, kumbe amefikia nyumba yenye kilio, naye Baba Léonard akacheka pamoja nao.

Walipomaliza kula, Mzee Rigobert aliomba ruhusa ya kutega vitendawili vitatu. Alifanya hivyo kwa heshima na kwa hekima, kwa maana kumuuliza mtu mzima mbele ya mkewe na watoto wake kama alitekwa utumwani ni kumvua nguo, na tena, ukimtajia majina mwenyewe, anaweza kuyapokea au kuyakataa kadiri inavyomfaa, lakini kitendawili cha Kyolo mtu wa kwingine hukicheka tu na kuomba chai, bila aibu kwa yeyote. Vijana walikaa upande wa mlango, Delphine na Faustin pamoja, wakidhani ni mchezo wa wazee.

Kitendawili cha kwanza alikitega Clément.

“Kuko mulimaji moya, hana jembe, hana kikapo, anavuna kintu hakupanda. Siku anachoka, mboga yetu inakosa utamu. Ni nani?”

Watoto walitaja mchwa, wakataja ndege, Mama Albertine akataja jua, na Clément akatikisa kichwa kwa kila moja. Baba Léonard alikuwa ameangalia chini muda wote, kisha akasema, taratibu, kwamba ni upepo wa kiangazi, na alipoombwa aeleze alieleza kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Alisema kwamba wakati wa mvua maji yanafunika bonde lote, na munyu umejificha ndani yake, huuoni. Mvua zikiisha, maji yanashuka ardhini, juu kunakauka, chini kunabaki na unyevu, ndipo upepo unapokuja kutoka upande jua linakochomoza na kusini yake kidogo, mkavu, wa kutwa nzima, ukilamba uso wa ardhi. Kila unapolamba, udongo wa juu unavuta maji ya chini yapande, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta, na maji yakifika juu yanaondoka na upepo, lakini munyu hauwezi kuruka, unaachwa pale pale, siku baada ya siku, mpaka bonde linakuwa jeupe kama limemwagiwa unga. Wanawake wanaukwangua asubuhi kwa makombe ya konokono, juu juu tu, kwa sababu ukichimba unakusanya matope. Siku upepo ukilala na mawingu yakitanda, unga huo ni mwembamba, na ikinyesha mvua ya kuiba katikati ya kiangazi, munyu wote unarudi chini, na kijiji kinakaa kuungoja upande tena.

Clément aliacha kutabasamu. Watu wa mjini waliona tu kwamba mzee amejibu vizuri, wakapiga makofi, na Delphine akamgusa Faustin kwa kiwiko, kwa fahari.

Cha pili alikitega Mama Kaimba, kwa sauti ndogo.

“Mapacha babili banapikwa mu chungu moya. Mwema anakaa chini wa kwanza, mubaya anakataa kukaa. Mama mwenye akili anamubeba nani, anamuacha nani?”

Jibu hili lilimjia haraka zaidi. Alisema kwamba mapacha hao ni munyu na maji yake machungu. Udongo uliokwanguliwa unatiwa katika faneli kubwa ya majani iliyotundikwa juu ya miti, unamwagiwa maji, na matone yanayotoka chini yanaonjwa kwa ncha ya ulimi, kwa sababu matone ya kwanza ni makali na ndiyo yanayokwenda jikoni, na yale ya baadaye, yaliyopoa, hayatupwi wala hayapikwi, yanamwagwa juu ya udongo mpya ili yapate nguvu. Katika chungu, maji yakipungua, munyu ndio unaochoka kwanza, unaanza kama ngozi nyembamba juu ya maji, halafu punje zinazama na kukaa chini. Hapo ndipo wapishi wapya wanapokosea, maana wanaona bado kuna maji na wanaongeza kuni mpaka chungu kikauke, kumbe maji yale yaliyokataa kuwa punje ni ndugu mchungu, na ukimkausha pamoja na mwenzake, munyu wako utauma ulimi na kutoa jasho kila wingu linapopita. Mwenye akili anachota punje zikiwa bado zina maji, anazitia katika kikapu chembamba, anazitundika, na yule mchungu anatoka mwenyewe kwa chini, tone baada ya tone.

Alipofika hapo aligeuka kukiangalia kikapu cha jikoni kwake, kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza, na Mama Albertine, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amemuuliza nani alimfundisha, akaweka mkono mdomoni.

Mzee Rigobert alisimama. Hakutaka mtu aingie katika cha tatu akiwa amefumba macho, basi akalisema jambo wazi, mbele ya wote. Alisema kwamba viwili hivi vinatosha kuonyesha kuwa mwenyeji wao ni mtu wa Kyolo, na Kyolo ina nyumba nyingi, zinaoana, hakuna neno. Lakini cha tatu ni cha nyumba moja tu, nyumba ya baba yake Rigobert na ndugu za baba yake, nyumba ya Faustin.

“Kama unaijibu, Delphine na Faustin ni batoto ba nyumba moya, ndoa hakuna. Kama hauijue, kesho tunaleta mahari, na hakuna mutu atakusema. Fikiri mbele, ndugu yangu.”

Wote waliosikia walielewa. Delphine aliondoa kiwiko chake kwa Faustin, bila kujua kwamba amekiondoa. Ndipo Rigobert akatega.

“Nyumba yetu haina ukuta. Bamama banakaa ku mustari. Ukiita wa katikati, haitike. Ukianza ku mulango, bote banaitika.”

Ilikuwa saa ya jua kali, upepo mdogo ukivuta vumbi uwanjani. Mama Albertine anasema kwamba alimwona mumewe akimwangalia Delphine kwa muda, kisha Faustin, kisha Delphine tena, na kwamba alijua, kama mke anavyojua, kuwa jibu limekwisha kufika. Mtu aliyetafuta jina la mama yake tangu utoto, ambaye usiku mwingine aliamka akiwa amelishika kwa ncha tu na likamponyoka, alikuwa amewekewa jina hilo mbele yake kama chakula mezani, na bei yake ilikuwa furaha ya mtoto wake wa kwanza.

“Ile ya tatu,” alisema, “sijue.”

Faustin alitoa pumzi. Clément aliangalia pembeni. Mzee Rigobert aliinamisha kichwa, kwa heshima, akaanza kuaga, na ingekuwa hivyo, na sisi wote tungekuwa tumekaa hapa leo na historia nyingine, kama Delphine asingekuwa amemjua baba yake vizuri mno. Aliona kwamba mkono wa kuume wa baba, uliokuwa juu ya goti, ulikuwa ukiinama na kuinuka, ukiinama na kuinuka, kama wa mtu anayemimina kitu kutoka katika kibuyu. Akatoka mlangoni, akapiga magoti mbele yake, akaushika mkono ule.

“Baba, mukono yako iko namwanga nini?”

Baba akamwambia aende akamsaidie mama yake vyombo. Delphine hakwenda.

“Kama ninaolewa na Faustin, na weye unajua, utanyamaza mpaka kufa. Hautaimba tena. Anza ku mulango, Baba. Anza na wa kwanza.”

Hapo inafaa tueleze, kwa ajili ya watoto na wageni, namna kumbukumbu ya Kyolo inavyofanya kazi. Meko ya munyu yanachimbwa katika mstari mmoja, kila nyumba mstari wake, na kila jiko lina jina la mama aliyelichimba kwanza, hata kama amekufa zamani na mkaza mwana wake ndiye anayepika hapo. Maji yanapochemka chungu lazima kiongezewe maji makali kabla hakijakauka, maana chungu cha udongo kikikauka juu ya moto kinapasuka, na kazi ya siku nzima inazimika pamoja na kuni. Kazi ya kuongeza ni ya watoto, mtoto anabeba kibuyu, anaanza jiko lililo karibu na njia, ndilo mlango wa nyumba hiyo, anapomimina anasema, Fulani, kunywa, kisha anakwenda kwa linalofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho, na kwa kuwa kila chungu kimeitwa kwa jina, hakuna kinachorukwa. Watoto hawakai chini kufundishwa wazee wao ni nani. Wanawanywesha kila siku, na majina yanaingia kwa miguu na kwa mkono, moja likiwa limeshikana na jingine kama shanga katika uzi, na ndiyo maana ukitaka kuchomoa shanga ya katikati peke yake huipati. Baba Léonard, maisha yake yote, alikuwa akiita bila kuanzia mlangoni. Alikuwa akitafuta jina la mama yake peke yake, bila wenzake, na haliwezi kuja hivyo.

Alifumba macho. Mkono ukainama.

“Numbi, kunywa,” alisema, na mkono ukasogea kidogo kulia. “Kisimba, kunywa. Ngoie, kunywa.” Sauti ikawa si ya mzee, na wimbo ule usiokuwa na maneno, ambao wenzake wa tanuru waliusikia kwa miaka, ukaingia chini ya majina na majina yakaukaa sawasawa. “Umba, kunywa.” Delphine, aliyekuwa ameushika mkono ule, anasema kwamba ulikuwa baridi katika jua lile. Kisha ukainama mara ya tano.

“Mande, kunywa. Mande. Mama.”

Mama Kaimba alitoka kitini akaanguka shingoni mwake, na alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa kuwa huko Kyolo mtoto huyu alikwisha kuliliwa na kukamilishiwa matanga, na yeye Kaimba, dada wa baba yake Banza, ndiye aliyemnyoa Mande nywele za msiba. Akamwita kwa jina lake la kwanza, Monga, Monga wa Mande, na akamwambia kwamba mama yake aliendelea kupika katika jiko la tano mpaka mwaka alipokufa, na kwamba hakukubali mtoto mwingine amnyweshee chungu, alimimina mwenyewe. Rigobert na Clément walikuwa watoto wa mdogo wa baba yake. Waliokuja kama wakwe wakawa ndugu, na Clément, ambaye machozi hayakumzuia utani, alisema kwamba kumbe kilio cha nyumba hii kilikuwa chao.

Tusifiche kwamba siku hiyo furaha na huzuni vililala kitanda kimoja. Faustin alitoka bila kuaga, akaomba uhamisho wa kazi, akaenda Jadotville. Delphine alilimalizia gauni lile, akalishona vizuri mpaka upindo, akampa msichana mwingine wa mtaani aliyekuwa akiolewa, na hakuna aliyemsikia akimlaumu baba yake, isipokuwa kwamba kwa muda mrefu hakushona kitu cheupe. Baba Léonard alimwomba msamaha mara moja tu. Delphine alimjibu kwamba si kosa la baba, yeye Delphine ndiye aliyeuliza.

Mwaka 1939, kuanzia mwezi wa saba, Baba Léonard alipewa likizo, akaenda Kyolo na Mama Albertine, akafika kwenye jiko la tano, lililokuwa limeota majani, wakalisafisha, wakawasha moto, na Mama Albertine akapika munyu hapo, akaukausha mpaka ukawa mchungu, wanawake wa Kyolo wakamcheka kwa furaha kubwa na kumwonyesha tena.

Delphine aliolewa na Edouard, seremala, tarehe 11 Julai 1942, wakapata watoto wanne. Mwaka 1947, siku ya ubatizo wa mtoto wa pili, mtu alisimama nje ya uzio akiwa ameshika kofia, hakuingia mpaka Delphine mwenyewe alipotoka, na wale waliokuwa karibu walisikia alivyolisema neno lile, kwa shida, kama mtu anayejifunza kusoma: “Dada.” Delphine akamjibu kwamba amechelewa, chakula kinapoa, na akampa mtoto ambebe. Tangu siku hiyo Faustin alirudi kuwa wa nyumba.

Mwaka 1954 Baba Léonard alijijengea nyumba ya matofali hapa Ruashi, na hapa ndipo ugonjwa ulipomkuta. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1956 miguu yake ilianza kuvimba, akakosa pumzi akilala, na madaktari waligundua kwamba moyo umechoka, ukishindwa kusukuma maji ya mwili. Walimpa dawa, na wakamkataza munyu kabisa, kwa sababu, kama daktari alivyomweleza, munyu unashika maji mwilini. Baba Léonard alicheka mpaka akakohoa, akamwambia daktari kwamba hilo analijua, munyu na maji ni mama na mtoto, hawaachani hivi hivi. Aliitii amri hiyo mpaka mwisho, na ilikuwa mateso, kwa maana alisema chakula kimekuwa kama neno lisilo na maana. Delphine alihamia hapa kumuuguza. Akawa anapika sufuria moja tu, bila munyu, akijipakulia katika sahani hiyo hiyo ya baba yake, akila naye tonge kwa tonge, mchana na jioni, miezi yote saba, na alipoambiwa kwamba yeye si mgonjwa, apike chake, alisema kwamba chakula kisicho na ladha ni kizito kwa mtu mmoja, wawili wanakibeba.

Baba Léonard Kalaba, Monga wa Mande, alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Oktoba 1956, saa nne ya asubuhi, Mama Albertine akiwa kichwani kwake. Ameacha mke, watoto watano wa kuzaa, wajukuu kumi na mmoja, ndugu zake wa Kyolo, na Faustin, ambaye leo anatangulia jeneza pamoja na Delphine, kama ilivyo kazi ya watoto wa marehemu.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomtunza kwa uvumilivu, mapadre na wakristo wa parokia, wenzake wa tanuru waliokuja na nguo zao za kazi kwa kuwa zamu inawangoja, majirani wa Ruashi walioleta kuni, maji na mikeka kabla hatujaomba, na wazee wa Kyolo waliosafiri usiku na mchana ili safari hii wamlilie akiwa mbele ya macho yao.

Baba, kazi yako tumeiona. Delphine ameomba neno moja tu liongezwe mwishoni, nasi tunalisoma kama alivyolisema: kwamba angeuliza tena.

Lala, Baba Léonard. Lala kwa amani, kati ya watu wanaolijua jina lako.